Akaunti ya Mjomba

Zuhura Mosi hana bango. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule la akina Dolat, karibu na soko kuu la Morogoro, na mwenye shida ya kompyuta huelekezwa kwa mdomo tu: pita dukani, salimia, nenda mpaka mwisho, usikanyage maboksi. Wateja anao. Kuna shule moja ya bweni, nyumba mbili za wageni, famasi ya Bwana Kabir, na kuna Umoja wa Wakulima wa Viungo wa Kinole, ambao ndio wanaomsumbua kuliko wote na ndio wanaomlipa kidogo kuliko wote. Hajawahi kulalamika. Kinole, juu milimani, ni kwao, na mwenyekiti wa Umoja ule ni mjomba wake.

Hapa inabidi kueleza kidogo, kwa faida ya wasiotoka milimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwenye ukoo huo mwenye neno la mwisho ni mjomba. Baba anaweza kupiga kelele nyumba nzima ikatikisika. Mjomba hana haja ya kelele. Mzee Stambuli alimchukua Zuhura mama yake alipofariki, akamsomesha kwa machungwa na mananasi yaliyoshushwa stendi ya Msamvu na kuuzwa kwa abiria wa mabasi, akamtoa chuoni na cheti cha kompyuta. Siku alipokipata, mzee alikishika, akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Haya. Sasa sisi tutakuwa tunakusikiliza wewe." Zuhura aliona ni utani wa mtu mzima aliyefurahi. Kumbe mzee alimaanisha, lakini hayo tutayafikia.

Ni yeye Zuhura aliyewaandalia Umoja tovuti na barua pepe zenye jina lao. Akaunti zilikuwa tatu: ya katibu, ya mauzo, na ya mwenyekiti. Zote zilitunzwa na kampuni moja ya Dar es Salaam inayokodisha nafasi kwenye seva zake, na Zuhura ndiye aliyekuwa na funguo za kuingilia na kurekebisha mambo. Ya mwenyekiti aliiweka kwenye simu ya mjomba wake kwa mkono wake mwenyewe, wamekaa barazani, mzee akiwa amevaa miwani ya kusomea ambayo haikuwa yake.

Msimu huu Umoja ulikuwa unangoja kitu kimoja tu, na kila mwanachama alikijua: ukaguzi. Wakaguzi wa kilimo hai wakipanda Kinole, wakatembea mashambani, wakaona hakuna dawa ya kiwandani, basi mdalasini na pilipili manga za Umoja zinapata cheti, na zenye cheti zina wanunuzi wake na bei yake. Wakikosa kuja kabla ya mavuno, mzigo ule ule, wa mikono ile ile, unauzwa kama wa mtu yeyote. Tarehe ilikuwa imeshapendekezwa. Kilichobaki ni Umoja kujibu kwamba wamekubali, kabla ya Ijumaa jioni, na jibu litoke kwenye anwani ya Umoja iliyosajiliwa. Mratibu wa ukaguzi, mama mmoja aitwaye Eufrazia, alikuwa mkali kwenye hilo. Mwaka uliopita kuna mtu alijibu kwa niaba ya kikundi cha watu wengine kabisa, kwa anwani ya kubuni, wakaguzi wakafunga safari ya bure.

Jumanne asubuhi katibu wa Umoja, Hashimu, alituma lile jibu. Likarudi papo hapo. Akatuma tena, likarudi tena. Akampigia Zuhura.

"Dada, barua inanirudia. Imeandikwa maneno ya Kizungu mengi, nimeelewa neno moja tu, kwamba tumezuiwa."

Zuhura aliingia kwenye paneli ya kampuni, pale akaunti zote zinaposimamiwa, akaona alichokuwa anakihofia. Jina zima la Umoja lilikuwa limefungiwa kutuma nje. Barua za kuingia zilikuwa zinaingia vizuri, ila hakuna iliyoruhusiwa kutoka. Sababu iliandikwa wazi: usiku wa kuamkia siku hiyo maelfu ya barua yalikuwa yametumwa kwa watu wasiojulikana, nyingi zikagonga anwani zisizokuwepo na kurudi, na mtambo wa kampuni ulipoona hivyo ukafunga bomba ili seva yao yote isichafuke jina kwa wapokeaji. Barua zenyewe zilikuwa za kitapeli, za kumwambia mtu abonyeze aone risiti ya mzigo wake. Nyingine nyingi bado zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri mlango ufunguliwe.

Akafungua kumbukumbu za seva aone zimetoka kwenye akaunti ipi. Zilitoka kwenye ya mwenyekiti.

Alikaa akaiangalia ile mistari. Akajiambia labda ni mtu wa nje ameghushi tu jina la mtumaji, maana hilo linawezekana, mtu yeyote anaweza kuandika jina la mwenzake juu ya barua kama juu ya bahasha. Lakini kumbukumbu hazikusema hivyo. Zilisema aliyetuma aliingia kwenye seva kwa jina la mwenyekiti na nywila ya mwenyekiti, akiwa mahali ambapo Mzee Stambuli hajawahi kufika hata kwa ndoto. Zuhura alijua tofauti ya hayo mawili. Kazi yake ni kujua tofauti hiyo.

Akampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mjini kwema?"

"Kwema. Mjomba, barua pepe za Umoja zimeharibika. Kuna mtu ameingia. Samahani kuuliza, hivi karibuni hujaletewa ujumbe ukabonyeza mahali, ukaandika paswedi?"

Kuku walisikika upande wa pili.

"Mimi? Hapana. Sijabonyeza kitu."

"Una hakika mjomba?"

Hilo swali alilijutia kabla halijafika. Mtu hamuulizi mjomba wake kama ana hakika.

"Zuhura, nimekwambia sijabonyeza. Angalia na wengine."

"Sawa mjomba. Nimekuelewa."

Sasa dawa ya ugonjwa huu inajulikana, na Zuhura ameshaitumia mara nyingi kwa wateja wengine. Unabadilisha nywila ya akaunti iliyoibiwa, unamtoa kila aliyeingia humo, unakagua kanuni zilizowekwa ndani kwa siri, unafuta foleni, ndipo unaiomba kampuni ifungue. Kuomba kufunguliwa kabla ya hapo ni kumfungulia mwizi. Lakini akibadilisha nywila ya mwenyekiti, simu ya mzee kule Kinole itamkataa. Itamwambia nywila si sahihi. Na mzee ataelewa nini? Kwamba mpwa wake amemuuliza, amemjibu, na mpwa hakuliamini jibu, akamfungia mlango bila hodi. Na katibu atajua, na wanachama watajua, kwamba mwenyekiti ameambiwa ni mwongo na mtoto aliyemlea.

Akabadilisha ya katibu. Akabadilisha ya mauzo. Akabadilisha funguo zake mwenyewe za paneli na kuziwekea uthibitisho wa hatua mbili. Akafuta foleni nzima. Ya mjomba akaiacha, akajipa ahadi kwamba mwisho wa wiki atapanda Kinole, watakaa barazani, na atalisema jambo hilo taratibu kwa heshima yake. Ahadi ilikuwa nzuri tu, isipokuwa matapeli hawakuwa wameambiwa wasubiri mwisho wa wiki.

Akaiandikia kampuni, kisha akapiga simu. Aliyepokea upande wa huduma kwa wateja aliitwa Emmanuel, kijana wa sauti ya upole.

"Dada, akaunti iliyotuma imebadilishwa nywila?"

"Zote," akasema Zuhura.

Neno moja. Alilisema haraka, na halikumkwama kooni. Kinachomuuma mpaka leo ni hicho, kwamba halikumkwama hata kidogo.

Emmanuel akamwambia wataondoa kizuizi, ila inaweza kuchukua saa kadhaa mpaka kifunguke kabisa, asishangae asipoona matokeo hapo hapo. Zuhura akamwambia Hashimu atulie, asubiri, kesho asubuhi ajaribu. Halafu akaenda kuitengeneza printa ya famasi.

Kizuizi kilifunguka alfajiri, na wezi hawana saa za kazi. Programu yao ilikuwa inagonga mlango muda wote, nywila ilikuwa ni ile ile, na mlango ulipoachia tu wakamwaga barua zao. Hashimu alipoamka, akanywa chai, akafungua kompyuta na kutuma jibu la ukaguzi, Umoja ulikuwa umeshafungiwa kwa mara ya pili.

Safari hii sauti ya Emmanuel haikuwa na upole wa jana.

"Dada Zuhura, uliniambia zote."

"Niliacha moja."

"Ipi?"

"Hiyo hiyo."

Emmanuel hakumgombeza, na ingekuwa nafuu angemgombeza. Alimweleza tu kwamba mara ya pili mambo hayaamuliwi na yeye. Inapelekwa kwa kitengo cha usalama. Wanataka maelezo ya kilichotokea na kilichofanyika, na wanataka uthibitisho kwa simu kutoka kwa mwenye jina lililosajiliwa. Hata wakifungua, idadi ya barua zitakazoruhusiwa kwa saa itapunguzwa kwanza, waangalie mwenendo. Mwenye jina lililosajiliwa, kwa kumbukumbu zao, ni Stambuli.

Zuhura hakusubiri tena. Alibadilisha nywila ya mjomba hapo hapo, akaikata mikono yote iliyokuwa ndani ya akaunti ile. Alipofungua mipangilio akakuta kanuni moja ambayo hakuiweka yeye: kila barua inayorudi, na kila jibu lenye neno la kulalamika, lilikuwa linafutwa lenyewe kabla halijaonekana. Ndiyo maana mzee hakuona ajabu yoyote kwenye simu yake. Akaifuta. Akafuta foleni. Akahakikisha rekodi za jina la Umoja, zile zinazowaambia wapokeaji ni seva ipi yenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo na muhuri wake ni upi, ziko sawa. Zilikuwa sawa. Akajaribu kumpigia Eufrazia amweleze. Eufrazia akapokea, akasikiliza, akasema anasikitika, lakini utaratibu ni ule ule, jibu litoke kwenye anwani, na yeye Ijumaa atakuwa shambani mkoa mwingine ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Alhamisi Zuhura akachukua bodaboda, wakapita Bigwa, wakapita Kiroka, wakaanza kupanda. Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku na dereva alikuwa mwimbaji. Zuhura hakusikia wimbo. Alikuwa anapanga maneno ya kuanzia, akiyapangua, akiyapanga upya.

Mzee Stambuli alikuwa nyuma ya nyumba, anageuza maganda ya mdalasini juu ya turubai. Wakasalimiana. Akamletea kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Simu imenikataa," akasema. "Inasema paswedi si sahihi."

"Ni mimi niliyekufungia, mjomba."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Akageuza ganda moja, ambalo lilikuwa halihitaji kugeuzwa. "Hukuniambia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukwambia kwamba ni wewe. Mjomba, seva inaonyesha. Kuna mtu aliipata paswedi yako. Naomba uniambie, si kwa ubaya. Uliiandika wapi?"

Mzee akakaa, si juu ya kigoda, akakaa ukingoni mwa turubai.

"Pale ulipotaka wewe niiandike."

Zuhura hakuelewa. Mzee akaeleza bila haraka. Ulikuja ujumbe. Ulikuwa na alama ya barua, rangi ile ile. Ukasema sanduku lake limejaa, athibitishe nywila yake leo, la sivyo akaunti itafungwa. Chini ukasainiwa: Msimamizi wa Barua Pepe.

"Msimamizi wa barua pepe hapa ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi. Nikajua ni wewe, una shughuli nyingi, hukupata nafasi ya kupiga. Nikafanya. Hata miwani nilikwenda kuiazima ili nisikosee."

"Sasa mbona nilipokuuliza ukasema hujabonyeza?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi mno.

"Umenipigia unaniambia kila kitu kimeharibika, kuna mtu kaingia, unauliza nani kabonyeza. Nikawaza, mtoto huyu ametuma kitu chenye kasoro na hajijui. Nikisema nimebonyeza kile ulichonitumia, Hashimu atasikia, kesho wanachama wamesikia. Kuna wanaotaka kazi hii apewe mtu mwingine, unawajua. Nikaona bora niseme sijabonyeza, nawe utatengeneza polepole, na yaishe."

Alikuwa amemlinda. Zuhura alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi na hatawahi kumwomba nywila yake, kwamba msimamizi wa kweli haihitaji, maana akitaka huibadilisha tu. Ni jambo la kwanza ambalo angepaswa kumfundisha siku ile barazani, na hakumfundisha, kwa sababu aliona kumwambia mjomba wake "usimwamini anayejiita mimi" ni kumfanya mtoto. Akamwambia sasa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya. Lete hiyo simu niongee na hao wa Dar."

Aliongea nao amesimama, mkono mmoja kiunoni. Alitaja jina lake kamili na la Umoja. Walipomuuliza chanzo, alisema: "Mimi niliandika neno la siri kwenye ujumbe wa uongo. Mpwa wangu alijua hilo akanistahi. Yote mawili yameshakwisha." Zuhura aliyaandika maelezo mengine akiwa hapo hapo, kila hatua kama ilivyokuwa, pamoja na ile "zote" ya siku ya kwanza.

Ijumaa baada ya swala kizuizi kiliondolewa. Hashimu alituma jibu la ukaguzi, na safari hii halikurudi. Walipeana mikono kwa simu, kama watu wanavyoweza kupeana mikono kwa simu. Zuhura hakuwa na raha. Barua kutorudi maana yake imepokelewa, haina maana imeonekana, na jina la Umoja lilikuwa bado linanuka kwa wapokeaji baada ya uchafu wa mara mbili. Akampigia Eufrazia amwambie aangalie hata kwenye folda ya taka. Simu haikupatikana. Akapiga tena, akatuma na meseji. Jioni ikaingia.

Eufrazia alipiga mwenyewe Jumatatu. Alikuwa mwungwana. Alisema barua ameiona, ilikuwa kwenye taka, katikati ya matangazo ya dawa za nguvu za kiume, na saa yake inaonyesha kweli ilifika Ijumaa kabla ya jioni. Ameitoa, ameiwekea alama kwamba si taka, ili zijazo ziingie vizuri. Lakini ratiba ilifungwa Ijumaa ile ile na wenzake waliokuwa ofisini, ambao hawakuona jibu, na nafasi ya Kinole imeshapewa kikundi kingine ambacho kimeshakata tiketi. Ingefika Jumatano, alisema, lisingekuwepo tatizo lolote. Nafasi nyingine ipo, baada ya mavuno.

Jumatano. Zuhura alishukuru, akakata simu, akakaa na neno hilo moja. Jumatano barua ingetoka, kama Jumanne angebadilisha nywila tatu badala ya mbili. Ni kazi ya dakika.

Mkutano wa wanachama uliitishwa kwenye jengo la shule, watu wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mzee Stambuli alifungua kwa dua, kisha akasema mkosaji ni yeye, amedanganywa na matapeli, amewakosesha ukaguzi, na kama wanataka mwenyekiti mwingine yuko tayari. Hakumtaja mpwa wake. Alikuwa anakwenda kukaa Zuhura aliposimama.

Alieleza yote. Alieleza vile barua zinavyotoka na vile zinavyozuiwa, kwa maneno ya kawaida, na hakuna aliyesinzia. Akasema akaunti ile alijua tangu mwanzo kwamba ndiyo yenye tatizo, na aliiacha, na akawaambia wa Dar kwamba hakuiacha. Akasema mjomba wake hakubonyeza kwa uzembe, alidhani anamtii yeye. Na yeye Zuhura hakuiacha akaunti kwa uzembe, alikuwa anamstahi mjomba. Mzee alikuwa anaangalia sakafu.

Nyuma kabisa akanyoosha mkono mama mmoja, Magdalena, mjane mwenye shamba la mdalasini juu kabisa kwenye mteremko, aliyepalilia msimu mzima kwa jembe kwa sababu dawa ya magugu imekatazwa. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa.

"Kwa hiyo ninyi wawili mlikuwa mnaheshimiana?"

"Ndiyo, mama," akasema Zuhura.

Magdalena akaitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya khanga yake asimame.

"Vizuri," akasema. "Na sisi mdalasini wetu tunauza bei ya kawaida."